Hedifoni za USB-C: kwa nini simu moja inazisoma na nyingine inazikataa

*Mtaalamu, nina hedifoni za waya zenye plagi ya USB-C zilizokuja na Huawei P20 yangu. Kwenye simu hiyo zinalia vizuri hadi leo. Sasa nimehamia Galaxy S21, na nikizichomeka haisomi kitu, sauti inaendelea kutoka kwenye spika. Hedifoni za mdogo wangu, nazo za USB-C, zinalia kwenye hiyo hiyo S21. Tundu lina kasoro, au kuna mpangilio sijauwasha?*

Tundu ni zima, hedifoni zako ni nzima, na hakuna mpangilio wowote utakaozifanya zilie kwenye S21. Jaribio ulilofanya kwa hedifoni za mdogo wako limeshamaliza nusu ya uchunguzi: zingekuwa pini zimechakaa au vumbi limejaa tunduni, na zake zingekwama. Tofauti iko ndani ya plagi mbili zinazofanana kwa umbo. Zako ni za analogi, zake ni za dijitali, na S21 inakubali za dijitali tu.

Sikio halisikii dijitali. Muziki ukiwa ndani ya simu ni namba tupu, na mahali fulani kabla ya kufika sikioni lazima namba hizo zigeuzwe kuwa umeme unaopanda na kushuka, ndio unaotikisa kile kiwambo kidogo ndani ya hedifoni. Kazi hiyo hufanywa na chipu inayoitwa DAC. Hakuna hedifoni isiyohitaji DAC. Linalobadilika ni mahali chipu hiyo inapokaa. Zamani simu nyingi zilikuwa na tundu la duara la milimita 3.5, DAC ilikuwa ndani ya simu, na hedifoni ilikuwa waya, sumaku na kiwambo tu. Tundu la duara lilipoanza kuondolewa, watengenezaji wakagawanyika. Wengine walibaki na DAC ndani ya simu wakaipitisha sauti iliyokwisha kugeuzwa kwenye tundu la kuchajia. Hiyo ndiyo njia ya analogi. Wengine waliacha namba zitoke kama zilivyo, na DAC ikahamia kwenye plagi ya hedifoni au kwenye kile kidude cha vitufe kilicho katikati ya waya. Hiyo ni ya dijitali.

P20, iliyotoka 2018, ni ya kundi la kwanza. Xiaomi Mi 6 ya 2017 vilevile. Pixel 2 ya Google, ya mwaka huo huo wa 2017, ilichagua dijitali tangu mwanzo, na Samsung wakafuata njia hiyo walipoondoa tundu la duara kwenye Galaxy Note 10 mwaka 2019. S21 yako imerithi uamuzi huo. Apple nao walipoingia USB-C kwenye iPhone 15 mwaka 2023 waliweka dijitali peke yake. Zipo pia simu zinazokubali aina zote mbili, na mwenye simu kama hiyo anaweza kukaa miaka bila kujua kwamba tatizo hili lipo.

Sasa tuangalie kinachotokea pale plagi yako inapoingia kwenye kila simu, maana hapo ndipo utaelewa kwa nini mipangilio haisaidii.

Tundu la USB-C lina pini 24. Mbili kati yake zinaitwa CC, na kazi yake ni utambulisho. Kabla simu haijatoa umeme wala data, inapima kwanza ukinzani kati ya kila pini ya CC na waya wa ardhi. Ikikuta ukinzani wa omu 5,100 kwenye pini moja na nyingine haina kitu, inaelewa kwamba aliyechomekwa ni kifaa kinachosubiri kuhudumiwa: flashi, kibodi, au hedifoni ya dijitali. Hapo simu inafungua umeme wa volti 5 na kuanza kuzungumza nacho. Hedifoni za mdogo wako zinajitambulisha hivyo. Zikishapata umeme zinaeleza kwamba zenyewe ni kifaa cha sauti, zina spika mbili, zina maikrofoni, na zinapokea sauti kwa viwango fulani. Lugha hiyo ni ya kiwango cha USB kinachojulikana na kila mtengenezaji, kwa hiyo hakuna programu ya kusakinisha. Android inaielewa tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014. Baada ya hapo simu inasukuma namba. Kwa sauti ya kawaida ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kila milisekunde moja kinaondoka kifurushi cha baiti 192, DAC ndani ya waya inavipokea vifurushi hivyo na kuvigeuza.

Zako zinajitambulisha kwa namna tofauti kabisa. Ndani ya plagi yake pini zote mbili za CC zimeunganishwa na ardhi kwa ukinzani mdogo, usiozidi omu 1,200 hivi. Katika kanuni za USB-C za wakati P20 inatengenezwa, alama hiyo ilikuwa na maana moja tu: mimi ni hedifoni ya analogi, nipe sauti iliyo tayari. P20 ikiiona alama hiyo haitoi hata umeme wa volti 5. Inageuza swichi iliyo ndani yake, na zile pini mbili ambazo dakika moja iliyopita zilikuwa za data, D+ na D-, zinakatwa kutoka kwenye saketi ya USB na kuunganishwa na saketi ya sauti. D+ inabeba sauti ya kulia, D- ya kushoto. Pini nyingine mbili, zinazoitwa SBU, zinabeba maikrofoni na ardhi ya sauti. Kuanzia hapo tundu la kuchajia la P20 ni tundu la hedifoni la zamani lililobadilishwa umbo.

S21 nayo inaweza kuiona alama ile ile, lakini haina cha kufanya nayo, kwa sababu hakuna njia iliyochorwa kwenye bodi yake kutoka kwenye saketi ya sauti hadi kwenye D+ na D-. Swichi haipo. Ndiyo maana hakuna kitufe cha kuwasha, hakuna sasisho litakaloileta, na mtu akikuuzia programu ya kutatua jambo hili anakuuzia hewa. Baadhi ya simu za Android angalau zina adabu ya kusema: zinaonyesha arifa isemayo `Analog audio accessory detected`, kisha zinakueleza kuwa kifaa hicho hakioani na simu. Nyingine zinanyamaza kabisa, na mteja anabaki kupuliza tundu na kufuta kwa pamba. Arifa hiyo ingekuwa lazima kwa kila simu, nusu ya maswali ya aina hii yasingekuwepo.

Huenda unauliza nina uhakika gani kuwa zako ni za analogi bila kuziona. Dalili zinaelekea huko, lakini usinichukulie kwa neno. Hakikisha mwenyewe kwa kompyuta yoyote yenye tundu la USB-C. Fungua orodha ya vifaa vya kutolea sauti, uiache wazi kwenye skrini, kisha chomeka hedifoni za mdogo wako. Ndani ya sekunde moja au mbili litatokea jina jipya kwenye orodha. Zichomoe, chomeka zako. Zikiwa za analogi orodha haitatikisika, kwa kuwa hakuna chipu ndani yake ya kujibu chochote. Kama kompyuta yako ni ya Linux, unaweza kuangalia kwa amri hii kabla na baada ya kuchomeka:

```
cat /proc/asound/cards
```

Kadi mpya ya sauti ikiongezeka, ni za dijitali. Isipoongezeka, jibu unalo. Tahadhari moja tu: kompyuta chache zina tundu la USB-C la kuchajia pekee, lisilobeba data. Tumia tundu ambalo umeshawahi kulisomea flashi.

Fundi mwenye multimita anaweza kwenda karibu zaidi. Kwa ncha za kawaida ni shida kugusa pini za plagi bila kuzigusisha nyingine, kwa hiyo anatumia kibao kidogo cha saketi chenye tundu la USB-C na vituo vilivyoandikwa majina ya pini. Unachomeka hedifoni humo bila simu na kupima kutoka ardhi hadi CC1, kisha hadi CC2. Omu 5,100 upande mmoja na upande wa pili wazi: ni ya dijitali. Ukinzani mdogo pande zote mbili: ni ya analogi. Halafu anapima kutoka pini ya D+ hadi pini ya SBU iliyobeba ardhi ya sauti. Kwenye ya analogi atapata omu 16 hadi 32 hivi, kwa sababu anapima moja kwa moja koili ya hedifoni, na akisogeza ncha ya multimita atasikia mkwaruzo mdogo sikioni. Kwenye ya dijitali hasikii kitu, maana koili imejificha nyuma ya chipu.

Kipo kituko kimoja cha analogi ambacho huwachanganya hata mafundi. Plagi ya USB-C inaingia pande zote mbili, na D+ na D- hazijali umeigeuza vipi. SBU zinajali. Ukiigeuza plagi, pini ya maikrofoni na ya ardhi zinabadilishana nafasi. Simu iliyoundwa vizuri inapima ni ipi ni ipi kisha inarekebisha yenyewe. Palipo na kifaa kisichofanya hivyo, hasa adapta za bei ndogo, hedifoni zinalia sawasawa upande mmoja, na ukizigeuza sauti inakuwa nyembamba, uimbaji unapotea na ala zinabaki mbali, na maikrofoni haifanyi kazi. Mtu akikueleza kwamba hedifoni zake zinafanya kazi siku nyingine na siku nyingine hazifanyi, muulize kwanza anazichomeka upande gani. Sauti ikibadilika namna hiyo kwa kugeuza plagi, ni dalili nzuri kwamba unashughulika na analogi.

Upande wa dijitali nao una vikwazo vyake, na nitavieleza kwa kifupi kwa sababu siku moja utakutana na kisa cha kinyume: hedifoni kama za mdogo wako zinazokataa kwenye simu ambayo ingepaswa kuzikubali. Kwa kuwa hedifoni ya dijitali ni kifaa cha USB, simu lazima iwe tayari kuwa mwenyeji wa kifaa, kitu ambacho wengi wanakijua kwa jina la OTG. Baadhi ya simu, hasa za Oppo na Vivo, zimeweka swichi ya OTG kwenye mipangilio, na huizima zenyewe baada ya muda bila kutumika. Njia rahisi ya kupima ni kuchomeka flashi ya USB-C. Ikisomeka, tundu na OTG viko sawa. Ikiwa flashi inasomeka na hedifoni bado kimya, angalia kwenye chaguo za wasanidi programu kama kuna mtu aliyewasha `Disable USB audio routing`. Kipengele hicho kinaiambia simu isipeleke sauti kwenye USB hata ikiona kifaa cha sauti. Ni nadra, lakini nimekikuta kimewashwa kwenye simu zilizopitia mikono mingi.

Kwako wewe flashi haitakusaidia kitu. Itasomeka vizuri, utazidi kuchanganyikiwa, kwa sababu OTG ya S21 haina uhusiano wowote na hedifoni zako.

Basi ufanye nini? Kwa S21, nunua kitu chenye DAC ndani yake. Una njia mbili. Ya kwanza ni hedifoni za USB-C za dijitali, kama za mdogo wako. Ya pili, ambayo mimi ningeichagua, ni hedifoni za kawaida za plagi ya duara pamoja na adapta fupi ya USB-C yenye DAC. Waya wa hedifoni ndio unaokatika mara nyingi. Ukikatika, DAC yako inabaki salama na unabadilisha hedifoni tu. Tena hedifoni hizo hizo zitaingia kwenye redio, kompyuta na kinanda bila kuuliza maswali.

Kwenye adapta uwe macho, maana mtego ni ule ule. Kuna adapta mbili zinazofanana kama mapacha, zote zina plagi ya USB-C upande mmoja na tundu la duara upande wa pili. Moja ina chipu, nyingine ni waya mtupu na rezista zilizowekwa kwenye CC. Ya pili ndiyo iliyokuwa ikipewa wanunuzi wa simu za analogi, na kwenye S21 itakuwa kimya kama hedifoni zako zilivyo. Ukubwa wa plagi hauzitofautishi, kwani chipu za DAC siku hizi ni ndogo kiasi cha kuenea popote. Soma maandishi. Pakiti ikitaja `DAC`, au ikitaja kiwango kama `24-bit/96kHz`, hiyo ni ya dijitali. Waya mtupu hauna viwango vya kutaja. Njia nyingine ni kuangalia orodha ya simu zilizoandikwa kuwa zinafaa. Ikitaja Pixel, iPhone 15 au Galaxy za baada ya Note 10, lazima iwe na DAC, kwa kuwa simu hizo hazina namna ya kuitumia isiyo nayo. Pakiti inayosema tu kwamba inafaa simu zote za USB-C haijakuambia lolote. Kama muuzaji anakuruhusu, ijaribu kwenye simu yako kabla ya kulipa.

Swali linaloweza kufuata ni kama DAC ya dijitali itakula betri. Itakula kidogo, kwa sababu chipu inaishi kwa umeme wa simu tangu unapoichomeka, hata kama hakuna kinacholia. Ichomoe usipoitumia. Hedifoni zako za analogi hazikuwa na gharama hiyo, ingawa DAC ya ndani ya P20 nayo ilikuwa ikila umeme wake huko huko ndani.

Zibaki na P20 basi hizo za zamani, kama bado unaitumia. Kama P20 imestaafu na hedifoni unazipenda, kuna la kufanya ambalo kwa hedifoni za analogi linawezekana bila ugumu mkubwa: kukata plagi ya USB-C na kuweka plagi ya duara ya milimita 3.5 yenye sehemu nne. Ndani ya waya wako kuna kushoto, kulia, maikrofoni na ardhi, hakuna zaidi. Wakati mwingine ardhi imegawanywa nyaya mbili ambazo mwishowe zinakutana. Usiamini rangi. Pima kwa multimita: waya unaotoa omu 16 hadi 32 na kulifanya sikio moja likwaruze ni wa sikio hilo, na ule unaoshirikiwa na masikio yote mawili ni ardhi. Kwenye plagi mpya, ncha ni kushoto, pete ya kwanza kulia, pete ya pili ardhi, na shina ni maikrofoni. Huo ndio mpangilio wa simu karibu zote za sasa. Nyaya hizo zimepakwa vanishi nyembamba ya rangi, nayo lazima iondolewe kwa ncha ya moto yenye risasi kabla ya kuunganisha, la sivyo utaunganisha vizuri kwa macho na sauti isipite. Mwambie fundi hilo mapema, kwa sababu ndipo kazi hii huharibikia mara nyingi.

Plagi hiyo ya duara ikishakaa, ichomeke kwenye adapta yenye DAC, na adapta kwenye S21. Zitalia, na vitufe vya sauti vikigoma usishangae: vitufe vya hedifoni ya analogi hutambuliwa kwa ukinzani unaobadilika kwenye waya wa maikrofoni, na si kila DAC inasoma viwango vile vile. Kitufe cha katikati, cha kupokea simu na kusimamisha muziki, kwa kawaida hufanya kazi. Vya kuongeza na kupunguza ndivyo vya kubahatisha.